Machozi ya siku ya tatu na machozi ya arobaini

Nimezaa mara mbili hapa Mtwara, na mara zote mbili nililia. Huku kwetu machozi ya mzazi yote huambiwa "uzazi huo, yatapita." Ya kwanza yalipita kweli. Ya pili hayakupita, maana yalikuwa ya sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Ya kwanza yalianza siku ya tatu, maziwa yalipojaa. Mama mkwe ananikanda, nalia. Uji ukichelewa nalia, ukiletwa nalia, na dakika hiyohiyo nacheka na wifi. Kondo likishatoka, homoni zilizopanda miezi yote ya ujauzito hushuka ghafla ndani ya siku chache, na zaidi ya nusu ya wazazi hulia namna hii. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi, na kinachohitajika ni usingizi, chakula na watu wasiokugombeza.

Mtoto wa pili alizaliwa msimu wa korosho, baba yake akiwa shambani Tandahimba. Mwanzoni nilikuwa mzima kabisa, watu wakanisifu. Tulipokaribia arobaini nikaanza kuamka alfajiri na uzito kifuani. Mtoto amelala fofofo, nyumba kimya, mimi macho makavu juu ya dari. Namnyonyesha na kumwogesha vizuri, ila kama mtoto wa mtu niliyeachiwa. Akaharisha kidogo, jirani akadokeza kwamba tumembemenda. Mwanaume hajakanyaga nyumbani tangu mavuno yaanze, na bado nikaamini kosa ni langu! Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana hatia ya ugonjwa huu haisikii hoja. (Mtoto huharisha kwa vijidudu, jamani, si kwa wazazi kulala pamoja.)

Kwa hiyo tazama kalenda kwanza. Machozi yaliyovuka wiki mbili, au yaliyoanza baadaye, hata miezi kadhaa baada ya kujifungua, si yale ya siku ya tatu. Kisha tazama usingizi. Kila mzazi anachoka, lakini mpe mtu mtoto, jilaze chumba kingine: ukilala kama gogo, huenda ni uchovu. Ukishindwa kulala siku baada ya siku ilhali nafasi ipo, na hakuna kinachokufurahisha, huenda ni sonona.

Kliniki ya wiki ya sita mtoto alipimwa uzito, akachomwa sindano, kadi ikajazwa. Mimi niliulizwa "unanyonyesha?", nikajibu ndiyo, nikarudi nyumbani. Foleni ni ndefu na muuguzi hana muda wa kubahatisha, kwa hiyo usiseme "sijisikii vizuri", kwani utapewa panado. Nilirudi siku nyingine nikasema hivi: "Nalia kila siku, tangu kabla ya arobaini. Silali hata mtoto akilala. Naona wangekuwa salama bila mimi." Muuguzi akaweka kalamu chini. Sentensi ya mwisho usiifiche hata ukiona aibu, maana hiyo ndiyo humwambia haraka ilivyo.

Alinipima damu kwanza. Mzazi aliyevuja damu nyingi anaweza kuishiwa nguvu, moyo kwenda mbio, akadhaniwa ana huzuni tu, na wengine wana vyote viwili. Yangu ilikuwa chini, nikaongezewa vidonge vya madini ya chuma, kisha nikapelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Nilizungumza naye mara kadhaa na kuandikiwa dawa. Zipo dawa za sonona zinazomezwa huku unanyonyesha, sertralini ikiwa mojawapo, kwani kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Huchukua wiki kadhaa kukolea, na ukipata nafuu usiziache ghafla bila daktari.

Nyumbani kilichonisaidia zaidi ni mama mkwe. Nikishanyonyesha saa tatu usiku, anamchukua mtoto kulala naye, ananiletea tena saa nane. Saa tano za usingizi mfululizo! Mkitaka kumsaidia mzazi, mpeni hizo kabla ya mawaidha.

Kuna jambo wengi hatusemi: picha inayopita kichwani, mtoto anakuponyoka kisimani. Wazo likija likakutisha, ukamkumbatia zaidi, halimaanishi unataka kumdhuru. Mwambie mtaalamu hata hivyo.

Ni tofauti kabisa na mzazi asiyelala usiku kucha wala hahisi kuchoka, anayesikia sauti, anayesema mtoto si wake au ametumwa. Hutokea kwa nadra, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na huku watu hukimbilia kusema ni jini. Huyo asiachwe peke yake wala na mtoto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na bodaboda ni moja. Wa kupunga, kama familia inamtaka, atasubiri.