Jibu: udongo wa pemba na barafu kwa mjamzito (nimekula, yamenikuta)

"Habari wanajamvi. Nina mimba ya wiki 19, nina hamu ya pemba na barafu kuliko chakula. Muuzaji ananiambia udongo unaongeza damu. Je, nikiuchoma kwanza kwenye jiko ni salama? Na chaki vipi? Na hivi vidonge vya kliniki vinanifunga choo, naweza kuviacha kidogo? Nisaidieni."

Usiache vidonge! Mdogo wangu, acha udongo, vidonge usiguse. Nimesoma hilo swali lako la mwisho nikaweka chini sufuria ya ugali, maana ni neno kwa neno nililojiuliza mimi mimba yangu ya pili, na jibu nililojipa lilinipeleka wodini.

Hadithi ilikuwa hivi. Kliniki ya kwanza, wiki ya 12, wingi wa damu ulikuwa 10.4. Mjamzito akiwa chini ya 11 tayari anahesabiwa ana upungufu, nesi akaniandikia vidonge vya kuongeza damu, kimoja kila siku. Kufika wiki ya 20 pemba imenikamata. Mwanzo kipande kimoja cha mia, kile cha kijivu chenye harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Baada ya wiki mbili natembea na kifuko kwenye mkoba kama mtu wa ugoro. Usiku naamka kutafuna barafu, mume anauliza kuna panya jikoni?

Sasa kosa lenyewe. Kile kidonge kinaacha ladha ya msumari mdomoni. Mimi, kwa akili zangu nyingi, nikawa nakimeza kisha nakifuatishia kipande cha pemba ili kuondoa ladha. Kila usiku, wiki karibu nane! Sikujua kwamba chembe za udongo wa mfinyanzi zinanasa madini ya chuma tumboni kabla mwili haujayachukua, yanatoka nayo chooni. Yaani nilikuwa nakunywa dawa na kuitupa kwa wakati mmoja. Juu ya hapo choo kikafunga siku nne, tano. Nani alilaumiwa? Vidonge. Ni kweli vidonge vinaweza kufunga choo, lakini mimi nilikuwa nimejaza tope tumboni nikamshitaki kidonge. Nikaviacha kabisa, udongo nikauendeleza. Kabla sijaviacha, nesi kila mwezi alikuwa ananiuliza, "Mama, unameza vidonge?" Najibu naam, nameza. Aliniuliza nameza vidonge, hakuniuliza nameza nini kingine, na mimi nikaona hayamhusu.

Wiki ya 30 ngazi tatu za nyumba ya mama mkwe zilinishinda. Moyo unakwenda mbio nimekaa, viganja vyeupe kama vimelowekwa kwenye sabuni. Kupima: 6.8. Nikapelekwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo, nikaongezewa chupa mbili za damu, na ndugu wakaambiwa wachangie kufidia. Shemeji yangu alijitolea, na mpaka leo sikukuu zikifika anasema ananidai chupa. Tunacheka, lakini daktari hakuwa anacheka. Aliniambia kwa damu ile, ningetokwa damu kidogo tu zaidi ya kawaida wakati wa kujifungua, nisingekuwa na akiba ya kunivusha.

Ni yeye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: "Unakula kitu gani ambacho si chakula?" Nikaona aibu, nikatoa kifuko. Akasema hali hiyo inaitwa pika. Nikamjibu dokta, siku hizi hata kupika siwezi, harufu ya kitunguu inanitapisha. Akanieleza kwamba ni neno la Kilatini, jina la ndege wa ukoo wa kunguru anayeokota kila kitu, na maana yake ni mtu kuendelea kula visivyo chakula kwa mwezi au zaidi: udongo, chaki, majivu, barafu kwa mabakuli. Wenye pika mara nyingi hukutwa na upungufu wa madini ya chuma, na hamu ya barafu ndiyo inayoelekeza huko zaidi. Barafu yenyewe haina sumu, itakuharibia meno tu. Lakini ni kama taa nyekundu kwenye dashibodi ya gari: wewe unaifuta kwa kitambaa.

Na yule muuzaji wako anayesema udongo unaongeza damu, wangu alisema hivyohivyo! Tena akaniongezea kipande cha bure "kwa ajili ya mtoto". Mama wa watu wala hana ubaya, ila anauza kitu ambacho hajui kilichimbwa wapi. Jirani yangu naye: "Sisi wote tulikula, mbona mko hai?" Basi nikatulia. Ndiyo, udongo unaweza kuwa na chuma kidogo, lakini sehemu kubwa haifyonzwi, na unachukua na cha kwenye chakula.

Kuhusu kuchoma: nilichoma pia, kwenye kikaango kama karanga. Moto mkali unaua mayai ya minyoo, hilo tu. Udongo uliochomwa bado unanasa chuma, na kama una risasi, risasi haiondoki kwa moto. Risasi (madini, si ya bunduki) huioni wala huionji, inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto na inaharibu ubongo unaojengeka. Na hapa ndipo nilipokasirika kweli: mwili wenye upungufu wa chuma unafyonza risasi zaidi. Kwa hiyo mwenye hamu kubwa ya udongo ndiye udongo unaweza kumdhuru zaidi. Nani aliniambia hilo sokoni?

Chaki nayo kwa ufupi: nyingi ni za jasi au chokaa, na kalisi nayo inazuia chuma kuingia mwilini. Ni yaleyale.

Kanuni yangu ni moja: hamu ikianza, pima damu, na utaje udongo kwa jina. Usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda kesho, sema "nesi, nakula pemba, vipande kadhaa kwa siku, tangu wiki fulani, naomba wingi wa damu." Chukua na kifuko kama aibu inakuzuia kuongea, kiweke mezani. Choo kikifunga, mwambie hilo pia, atakupangia namna ya kumeza au kukubadilishia, ila wewe usijiachishe. Kidonge meza kwa maji au maji ya chungwa, chai ya rangi ikae mbali nacho saa moja au mbili.

Mimi baada ya chupa mbili nilikuwa 8.9, nikarudi kwenye vidonge bila pemba, wiki ya 37 nikasoma 10.6. Siku tatu za kwanza nilikuwa nalamba mate nikipita karibu na ukuta uliomwagiwa maji, msinicheke. Kama siku ya kumi hivi nilifungua mkoba natafuta nauli, nikakuta kipande kimesahaulika chini kwenye pindo. Nikakinusa. Kilinuka vumbi.