Hotuba ya masaa mawili: nitaifupisha aje bila kupotosha?

"Niko Kondele, Kisumu, nafanya na redio ya mtaa. Nimepewa hotuba ya kiongozi wetu wa kaunti, kurasa 31 zimechapwa kutoka kwa rekodi, na nataka kuitoa ukurasa mmoja na nusu: amedai nini, ameahidi nini, ametaja namba gani, na wapi ameongea tu bila ushahidi. Kila nikijaribu najikuta naandika hotuba upya. Nianzie wapi?"

Dada, hio hutokea ukifuata mpangilio wa mzungumzaji mwenyewe, ju mtu akiongea masaa mawili anarudia kitu kimoja mara nne na kila mara anakisema tofauti kidogo. Soma zote mara moja ukipigia mstari vitenzi peke yake. Hapo Kiswahili kinakusaidia sana: -me- ni dai kwamba kitu kimeisha na mtu anaweza kwenda kukiona, -na- ni dai kwamba kinaendelea, -ta- ndio inaweza kuwa ahadi. Nasema inaweza manake "tutaangalia vile tutasaidia vijana" sio ahadi, hakuna siku itafika useme imetimizwa ama imevunjwa. Ahadi iko na kitu, mahali na tarehe, na kama moja haiko andika haiko, usimjazie.

Chukua sentensi kama hii, nimeitunga lakini utakutana na ndugu zake kila ukurasa: "Tumetenga milioni 48 za barabara, kazi inaendelea, na kufikia Juni kila wodi itakuwa na zahanati yenye dawa, na tayari akina mama wanaojifungulia hospitali wameongezeka kwa asilimia 40." Hapo kuna vitu vinne na wengi huviandika kama kimoja, "kaunti imeboresha barabara na afya", alafu ahadi inageuka kuwa kazi iliyokwisha.

Milioni 48 imetengwa. Kutenga ni bajeti, kutumia ni kitu kingine, kwa hivyo kwa muhtasari wako acha "imetengwa" vile alivyosema, usiibadilishe ikawa "imetumika". Kazi inaendelea wapi? Hakutaja barabara hata moja, hapo weka alama. Zahanati ni ahadi nzuri, iko na tarehe na mahali, lakini pesa hazikutajwa. Kisumu iko na wodi 35, kwa hivyo ni zahanati 35, ila hio 35 ni hesabu yako wewe, iweke kando ya maneno yake, isionekane ni yeye alisema. Alafu asilimia 40, hio ndio ninaomba ukae nayo. Kutoka akina mama 50 hadi 70 ni asilimia 40, na kutoka 5,000 hadi 7,000 pia ni asilimia 40. Kama hakusema imetoka wapi na tangu mwaka gani, iandike hivi: "asilimia 40, mwanzo haukutajwa."

Kwa alama mimi natumia tatu tu. Moja ametaja chanzo, kwa mfano ripoti ama sensa ya 2019. Mbili hakutaja lakini kuna mahali pa kuangalia. Tatu hakuna chanzo na hakuna pa kuangalia, kama "wananchi wote wamefurahi". Na tafadhali usiandike "uongo" kwa alama ya pili ama ya tatu. Kukosa ushahidi ndani ya hotuba haimaanishi jambo si kweli, inamaanisha tu kwamba yeye hakuonyesha, na msikilizaji wako ana haki ya kujua hio tofauti.

Kabla ya kufunga, rudi kwa rekodi usikize kila namba, usiamini karatasi. Viongozi wetu wakifika kwa pesa wanaruka kwa Kizungu, na aliyechapa akisikia fiftini anaweza kuandika fifti, ama arobaini na nane ikawa themanini na nne. Dalili yake ni namba moja ikija mbili tofauti, tuseme ukurasa wa 4 ni 48 na wa 17 ni 84. Kama rekodi inathibitisha alisema zote mbili, ziweke zote na dakika zake, usimchagulie moja.

Zile za alama ya pili zifuate. Za pesa angalia ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinatoka kila robo mwaka na zinaonyesha kaunti imetumia ngapi kwa ile iliyotengewa. Za zahanati na akina mama andikia kaunti barua ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, wako na siku 21 za kukujibu, na hio barua utaje dakika na maneno yake kamili.