Kupandisha alama: zidisha kwanza, jumlisha baadaye

Kama ndiyo kwanza umeanza kushughulikia matokeo ya mitihani, siku moja utaambiwa: "Wastani uko chini, pandisha alama." Kabla hujagusa chochote, uliza wanataka kipi, alama zisogee au zitawanyike. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Chukua alama tano: 30, 34, 38, 46 na 52. Jumla ni 200, kwa hiyo wastani ni 40. Sasa angalia kila alama iko umbali gani na wastani: −10, −6, −2, 6 na 12. Miraba yake ni 100, 36, 4, 36 na 144, jumla 320. Gawa kwa 5 upate 64, kisha kipeuo chake cha pili, 8. Hiyo 8 ndiyo mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika kuzunguka wastani.

Mwongezee kila mtu 10. Alama zinakuwa 40, 44, 48, 56 na 62, na wastani unapanda hadi 50. Lakini tafuta tena umbali wa kila alama: wa kwanza bado ni −10, wa mwisho bado ni 12. Alama na wastani vimepanda pamoja, kwa hiyo ukitoa kimoja kwa kingine ile 10 inajifuta yenyewe. Mkengeuko sanifu unabaki 8. Anayesema kuongeza alama sawa kwa wote kumepunguza pengo kati ya wa kwanza na wa mwisho hajapiga hesabu; pengo lilikuwa 22 na limebaki 22.

Kuzidisha ni habari nyingine. Zidisha zile za mwanzo kwa 1.5, upate 45, 51, 57, 69 na 78. Wastani ni 60, na umbali sasa ni −15, −9, −3, 9 na 18. Kila umbali umezidishwa kwa 1.5, hivyo mkengeuko sanifu umetoka 8 ukawa 12. Wengi huteleza hapa kwa sababu ile 64 ya kabla ya kipeuo haizidishwi kwa 1.5 bali kwa mraba wake, 2.25, na inakuwa 144. Ukikuta jibu lako la mkengeuko limekua kwa 2.25, basi umesahau kutafuta kipeuo.

Tuseme sasa umeagizwa kufikisha wastani 55 na mkengeuko sanifu 10. Anza na mkengeuko, kwa kuwa kujumlisha hakuwezi kuugusa: 10 gawa kwa 8 ni 1.25, hicho ndicho kizidishi chako. Wastani wa 40 ukizidishwa kwa 1.25 unakuwa 50, zimepungua 5, basi ongeza 5. Kanuni yako ni hii:

```
y = 1.25x + 5
```

Alama mpya ni 42.5, 47.5, 52.5, 62.5 na 70. Jumla yake ni 275, na wastani ni 55 kamili. Ukigeuza mpangilio, ukaongeza 5 kwanza ndipo ukazidisha, ile 5 nayo inazidishwa na kuwa 6.25, na wastani unafika 56.25. Kosa hili hujificha vizuri kwa sababu mkengeuko sanifu bado utasoma 10. Kwa hiyo kagua vyote viwili kila mara.

Kitu kinachovunja kanuni hizi kabisa ni dari ya 100. Zidisha alama zetu kwa 2: 60, 68, 76, 92 na 104. Kwa kanuni wastani ni 80 na mkengeuko 16. Lakini 104 haiandikiki, unaikata iwe 100. Wastani halisi unashuka hadi 79.2, na mkengeuko unakuwa karibu 14.8. Alama moja tu imekatwa, na tayari taarifa uliyoandika kwa kanuni hailingani na orodha iliyobandikwa ukutani. Mimi huanza kwa kuipitisha alama ya juu kabisa kwenye kanuni. Ikivuka 100, naona heri kupunguza kizidishi na kukubali mkengeuko mdogo kuliko ulioagizwa, maana ukikata, waliopishana kwa alama kadhaa kule juu wote wanakuwa na 100 na huwezi tena kuwapanga. Kama wakubwa wamesisitiza kukata, basi wastani na mkengeuko vipigwe upya kutoka kwenye alama zenyewe zilizokatwa.