Jina la bandia na zamu ya usiku

"Nataka kuandika yanayotokea kazini kwetu kwa jina la bandia. Bosi anaweza kunijua?"

Anaweza, na wala hatahitaji fundi wa kompyuta. Kaka aliyesema VPN inatosha yuko sahihi nusu: inaficha unakotokea, haifichi unachosimulia.

Mimi niliandika kuhusu friji ya dawa iliyozimika usiku, na daftari la joto lililojazwa lote asubuhi kwa mkono mmoja. Hospitali sikuitaja. Lakini zamu ile tulikuwa watatu, na mmoja ndiye niliyemsema. Tukabaki wawili, na kwenye grupu la kazini ni mimi peke yangu ninayeandika "kwa hio". Siku mbili tu, nikaitwa.

Siku hizi nahesabu kwanza: walioona ni wangapi? Kama hawafiki kumi, nasubiri miezi kadhaa, nageuza zamu na wodi, nachanganya visa viwili. Friji inabaki friji, maana ukiibadilisha hiyo umetunga hadithi.

Kwa serikali ni jambo jingine. Akaunti uliyofungua kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako si ya siri mbele ya polisi. Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mtandaoni la Tanzania, alishtakiwa mwaka 2016 baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji, lakini usitegemee kila mmiliki wa mtandao atakukingia kifua hivyo.

Dada uliyeuliza kama unaweza kuandika ya mawifi zako kwa jina la bandia: huko wodi za kugeuza hazipo. Ugomvi wa mahari ukiwa na mbuzi aliyerudishwa, ukoo mzima unamjua mbuzi huyo.