Kutoka 3 kwenda C: maswali yenu kuhusu vipimo vya umakini

"Mume wangu aligongwa akiwa kwenye bodaboda. Kliniki wamempa karatasi ya kuunganisha nambari, wakasema ya kwanza sawa, ya pili mbaya. Tofauti ni nini?" (Kondele, Kisumu)

Karatasi ya kwanza ina miduara 25, naye anapitisha kalamu kutoka 1 hadi 25 kwa haraka. Hapo tunaona jicho linavyotafuta na mkono unavyokwenda. Ya pili pia ina miduara 25, ila anabadilishana: 1, A, 2, B, 3, C, hadi 13. Sasa lazima ashike foleni mbili kichwani na kuhama kila hatua.

Tuseme alitumia sekunde 40, kisha 160. Mwingine akatumia 80, kisha 170. Huyu wa pili ndiye aliyechelewa zaidi, lakini ni mzito tangu karatasi ya kwanza, na muda wake umezidi mara mbili tu. Wa mumeo umekuwa mara nne. Mkono wake mwepesi; kinachomkwamisha ni kule kuhama.

Omba uonyeshwe alipokosea. Kosa la kawaida ni kutoka 3 kwenda 4, akiiruka C. Mpimaji humrudisha papo hapo huku saa ikiendelea, kwa hiyo kosa huishia kuwa sekunde. Nyumbani utaliona hivi: chai iko jikoni, simu inalia, anaongea, na maziwa yanafurika akiyatazama. Hata hivyo karatasi moja haitoshi. Dawa za usingizi au usiku mbaya huweza kuharibu matokeo vilevile.

"Mama yangu aliacha shule darasa la pili. Ya herufi ilimshinda kabisa. Ubongo unazeeka?" (Kakamega)

Huenda ni ABC tu. Kipimo hiki kinadhani herufi zinakutoka bila kufikiri, na asiyezizoea anapimwa shule, si ubongo. Mwombee kile cha rangi: nambari 1 hadi 25, akibadilisha duara la waridi na la njano. Nambari lazima azijue, na kwa mama aliyeuza sokoni hilo si tatizo.

"Neno la Kiingereza la kijani likiandikwa kwa wino mwekundu, nakwama kutaja wino. La Kiswahili hunikwamisha kidogo. Mbona?" (Nakuru)

Kwa sababu pengine umesoma Kiingereza zaidi. Kusoma kumezoeleka hadi kunatangulia kabla hujataka, na lugha uliyoizoea kusoma ndiyo inayokuvuta zaidi. Mwanasaikolojia Stroop alieleza mvutano huu mwaka 1935. Mtoto asiyejua kusoma hataji wino kwa shida hiyo.

Kwetu kuna mtego mwingine: mmoja husema buluu, mwingine samawati, akisita anaonekana hana umakini. Mkubaliane majina kabla ya saa kuanza. Na kama nyekundu na kijani hukuchanganya macho tangu utotoni, sema mapema, maana hapo kinachopimwa ni jicho.