Mota ya nyaya tisa ya 230/460 kwenye umeme wa volti 400

Swali: Fundi, nimeletewa kompresa iliyotoka Marekani. Mota ina nyaya tisa, na kibati kinasema 230/460 V, 60 Hz, 13.2/6.6 A. Hapa Mwanza tuna fezi tatu za volti 400. Niunge vipi, na naweza kuiwasha kwa nyota-delta?

Jibu: Iunge kwa volti kubwa. Waya 4 na 7 pamoja, 5 na 8 pamoja, 6 na 9 pamoja, kila kiungo kikizibwa peke yake kisiguse kingine wala bodi. Fezi tatu ziingie 1, 2 na 3. Hapo koili mbili za kila fezi zimefuatana, zinagawana volti.

Muungo huo ni uleule hata kama ndani mota imefungwa nyota au delta. Tofauti inakuja kwenye volti ndogo, kwa hiyo pima kwanza kwa mita nyaya zote zikiwa zimeachana. Ukipata jozi tatu (1-4, 2-5, 3-6) na kundi moja la 7-8-9, ni nyota. Ukipata makundi matatu ya nyaya tatu tatu, ni delta. Kwa volti 230, ya nyota huunganishwa 4-5-6 pamoja, kisha fezi kwenye 1-7, 2-8 na 3-9. Ya delta hupokea fezi kwenye 1-6-7, 2-4-8 na 3-5-9.

Ukiipa 400 ikiwa kwenye muungo wa volti ndogo, itanguruma, itavuta ampea nyingi mno, na ovalodi isipowahi koili zitaungua. Kinyume chake, muungo wa volti kubwa ukilishwa 230 hutoa kama robo tu ya nguvu ya kuzungusha. Bila mzigo inazunguka vizuri, na hapo ndipo mtu hudanganyika.

Nyota-delta sahau. Inahitaji ncha zote sita za fezi ziwe nje, na kwenye mota hii baadhi zimeungwa ndani kwa ndani.

Usihofie sana 400 badala ya 460, maana hezi nazo zimeshuka: 460 kwa 60 ni kama 7.7, 400 kwa 50 ni 8. Weka ovalodi kwenye 6.6. Ila mwendo utashuka kwa moja ya sita, kutoka kama mizunguko 1750 hadi 1450 kwa dakika, na hewa itapungua kwa kiasi hicho. Wengi hapo hubadilisha puli ili kompresa irudi kwenye kasi yake. Usifanye hivyo, kwa sababu mota italazimika kusukuma mzigo mzito zaidi kwa asilimia 20 na ovalodi itakuwa inakata kila mara.

Kabla ya kufunga mkanda, iwashe tupu na upime ampea za fezi zote tatu. Zikiachana sana, au mota ikitetemeka kwa mngurumo mzito, zima mara moja uhakiki namba za nyaya. Kwenye mota iliyowahi kusukwa upya, usiziamini lebo kabla ya mita.