Monita inachezacheza, nikitikisa waya inatulia

"Wakuu, nipo Lindi. Monita inachezacheza, nikitikisa waya wa HDMI inatulia. Ninunue monita mpya?"

Usinunue bado, ndugu yangu. Shika waya katikati usisogee, kisha gusa kichwa cha upande wa kompyuta peke yake, halafu cha upande wa monita. Utajua ni upande gani unaoleta shida. Sasa zima vyote na ugeuze waya, kichwa cha kompyuta kiende kwenye monita. Shida ikihama na kichwa, waya umekatika ndani, tupa. Ikibaki palepale, tatizo ni tundu.

Kaka mmoja kwenye maoni anasema ni kadi ya video; amepatia nusu, kwa sababu tundu linaweza kuwa kwenye hiyo kadi, lakini jaribio hili ndilo litakaloonyesha. Dada uliyeuliza kuhusu runinga yako inayozimika kabisa, hiyo naona ni ya umeme, anza na waya wa umeme.

Nilikuwa na shida hiyohiyo ya monita dukani kwangu Mikindani. Shida ilibaki upande wa monita. Nilimulika tundu kwa tochi, nikaona ukijani kwenye pini zake. Upepo wa chumvi huku pwani tunaujua. Nilichomoa umeme, nikasafisha kwa spiriti na mswaki laini, nikaacha ikauke. Ilitulia wiki mbili, ikarudi. Fundi alipofungua alikuta risasi inayoshika miguu ya tundu kwenye bodi imepasuka, akachomelea upya.

Mpaka leo sijui kama ni kutu au uzito wa waya uliokuwa ukining'inia. Umegeuza waya? Imekuwaje?